Hita ya umeme itachukua dakika ngapi? Namna ya kupiga hesabu bila kuisahau sufuria

Asubuhi za Julai hapa Iringa, maji ya bomba hutoka na nyuzi joto 16, na mwanangu wa miaka mitano haingii kwenye beseni mpaka maji yapate moto. Nina hita ya kuchovya, ile koili ya kutumbukiza kwenye maji, imeandikwa 1000 W, na sufuria nene ya alumini inayobeba lita tano bila kufurika. Mke wangu aliniuliza swali ambalo mwalimu wa fizikia hapaswi kulikwepa: "Baba, niiwashe saa ngapi ili maji yawe tayari saa kumi na mbili na robo?" Nikapiga hesabu ya haraka kichwani, nikamwambia dakika nane na nusu. Dakika hizo zilipokwisha, maji yalikuwa vuguvugu tu.

Hesabu yangu ilikuwa sahihi kwa maji peke yake. Lakini maji hayaelei hewani. Yako ndani ya chombo, na chombo nacho lazima kipate moto kabla au pamoja na maji. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kukihesabu chombo hicho, na namna ya kujua kama kosa lililobaki linatoka kwenye chombo au kwingine. Tutakwenda na sufuria hiyohiyo mwanzo hadi mwisho.

Vitu vya kuwa navyo

Mizani ya jikoni, kipimajoto kinachosoma hadi nyuzi 100, saa yenye sekunde, na mwiko wa mti wa kukorogea. Ukiwa na hita ya kuchovya kuna jambo moja la kulishika kabla ya yote: zima swichi na uchomoe plagi kila mara kabla ya kugusa maji au sufuria. Hita ikiwa na ufa kidogo kwenye ganda lake, maji na sufuria nzima ya chuma hubeba umeme, na kwa macho huoni chochote. Plagi iwe na waya wa ethi unaofanya kazi kweli. Maji yafunike koili mpaka alama iliyowekwa na mtengenezaji, kwa sababu koili iliyo nje ya maji huungua kwa muda mfupi sana.

Hatua ya kwanza: pima, usikadirie

Pima sufuria ikiwa tupu na kavu. Yangu ilikuwa kilo 1.4. Kisha weka maji na upime tena. Tofauti ndiyo uzito wa maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo ukiwa na chupa ya kipimo unaweza kuitumia, ila lita tano za kukadiria kwa jicho mara nyingi huwa nne na nusu au tano na nusu. Kosa la nusu lita ni kubwa kuliko sufuria yote tunayotaka kuihesabu, kama utakavyoona hivi punde.

Soma joto la maji baada ya kuyakoroga. Amua pia unataka yafike wapi. Mimi nilitaka nyuzi 40, nikijua yakimiminwa kwenye beseni la baridi yatashuka kidogo, na kabla mtoto hajaingia nitayajaribu kwa kiwiko. Kutoka 16 hadi 40 ni kupanda kwa nyuzi 24.

Hatua ya pili: igeuze sufuria kuwa maji

Kila kitu kina kiasi chake cha joto kinachohitajika ili kilo moja ipande kwa nyuzi moja. Maji yanadai sana: juli 4,200. Alumini inadai juli 900. Chuma cha kawaida kiko karibu na 460, chuma kisichoshika kutu karibu na 500, shaba karibu na 390. Udongo uliochomwa hukaribia alumini, na plastiki ya ndoo hufika karibu 1,900.

Vitabu vingi humfanya mwanafunzi apige hesabu ya joto la maji, kisha hesabu ya joto la chombo, kisha azijumlishe. Inafaa, lakini kwa mtu wa jikoni kuna njia nyepesi zaidi, nami naipendelea hata darasani. Jiulize: sufuria hii inakula joto sawa na kiasi gani cha maji? Chukua uzito wa sufuria, zidisha kwa namba ya kitu kilichoitengeneza, gawa kwa 4,200.

Kwa sufuria yangu: 1.4 × 900 ni 1,260. Gawa kwa 4,200, unapata 0.3. Maana yake, mbele ya hita, sufuria hii ni sawa na mililita 300 za maji, karibu glasi moja na kitu. Kuanzia hapo huna haja ya kuikumbuka alumini tena. Ukiweka lita tano, hesabu kana kwamba umeweka lita 5.3. Ukiweka lita mbili, hesabu 2.3. Nimeikwaruza namba hiyo kwa msumari kwenye mkono wa sufuria, "0.3", na haibadiliki mpaka sufuria ibadilike.

Hatua ya tatu: tafuta muda

Sasa joto linalohitajika ni uzito huo wa jumla, mara 4,200, mara nyuzi za kupanda. Hita ya wati 1,000 hutoa juli 1,000 kila sekunde, kwa hiyo ukigawa kwa wati unapata sekunde.

```
t = (m_maji + m_sufuria) × 4200 × (T2 − T1) ÷ P
```

Hapo `m_sufuria` ni ule uzito wa maji unaolingana na sufuria, 0.3, wala si kilo 1.4 za mizani. Wanafunzi wangu hukosea hapa kila mwaka: huchukua 1.4 na kuizidisha kwa 4,200, na sufuria inageuka kuwa mlafi mara nne na zaidi ya ilivyo.

Weka namba: 5.3 × 4,200 × 24 ni juli 534,240. Gawa kwa 1,000, ni sekunde 534, yaani dakika 8 na sekunde 54. Bila sufuria ingekuwa juli 504,000, dakika 8 na sekunde 24. Sufuria imeomba nusu dakika.

Nusu dakika ni kidogo, na hapo ndipo nilipojua kwamba sufuria peke yake haikuniponza. Nilirudia jaribio kwa utulivu siku iliyofuata, nikikoroga kwa mwiko, na nyuzi 40 zilifika baada ya dakika 11 na sekunde 50. Sufuria imelipa deni lake la sekunde 30, lakini bado zilibaki karibu dakika tatu zisizo na mwenyewe.

Hatua ya nne: ihoji hita yenyewe

Maandishi ya 1000 W kwenye hita ni kweli pale tu umeme unapokuwa na volti zilizoandikwa kando yake, mara nyingi 230 au 240. Jioni na alfajiri, watu wengi wanapowasha majiko na hita kwa pamoja, volti za mtaani hushuka, hasa nyumba ikiwa mbali na transfoma. Na hita haipungui kidogokidogo kama volti zinavyopungua. Nguvu yake hufuata mraba wa volti. Volti zikishuka kwa sehemu moja ya kumi, nguvu inashuka kwa karibu sehemu mbili za kumi.

Huhitaji fundi ili kuipima. Mita ya LUKU ina taa ndogo nyekundu inayopepesa, na juu ya uso wa mita imeandikwa idadi ya mipepeso kwa uniti moja, kwa mfano 1000 imp/kWh. Soma namba ya mita yako mwenyewe, kwa kuwa si zote zinafanana. Kwa mita yenye 1000, kila mpepeso ni sehemu moja ya elfu ya uniti, sawa na juli 3,600.

Zima kila kitu nyumbani, friji pamoja na taa na chaja za simu, acha hita peke yake ikiwa ndani ya maji. Taa ya mita ikipepesa anza saa na useme "sifuri". Watu wengi husema "moja" hapo, na wanajikuta na mpepeso mmoja wa bure. Hesabu hadi ishirini, simamisha saa. Yangu ilichukua sekunde 90. Mipepeso 20 mara juli 3,600 ni juli 72,000. Gawa kwa 90, ni wati 800.

Hita yangu ya wati 1,000 ilikuwa inatoa wati 800. Kwa hita ya volti 230, hiyo ni sawa na umeme wa takriban volti 206 kwenye soketi. Hita haikuwa mbovu, wala maandishi yake hayakuwa ya uongo. Ukirudia hesabu kwa nguvu halisi, 534,240 gawa kwa 800, unapata sekunde 668, dakika 11 na sekunde 8. Sasa tumebakiwa na sekunde arobaini na kitu.

Fanya kipimo hiki saa ileile unayotumia hita. Nikipima saa nane mchana, mipepeso huja kwa haraka zaidi, na muda niliokokotoa mchana hauwezi kumsaidia mtu wa alfajiri.

Hatua ya tano: joto linalotorokea hewani

Sekunde zilizobaki ni za hewa. Maji yakishapita joto la chumba huanza kutoa joto kwa mvuke juu na kwa kuta za sufuria pembeni, na kadiri yanavyopanda ndivyo yanavyotoa zaidi. Kiasi chake kinapimika kwa kitu ambacho tayari umekishika.

Maji yakifika nyuzi 40, zima hita, chomoa, itoe. Endelea kukoroga taratibu kama ulivyokuwa unafanya, na uangalie muda wa kushuka nyuzi moja, kutoka 40 hadi 39. Kwangu, chumba kikiwa na nyuzi 18 na sufuria ikiwa wazi, zilikwenda dakika tano. Lita 5.3 za hesabu mara 4,200 ni juli 22,260 kwa kila nyuzi. Gawa kwa sekunde 300: wati 74 zinakwenda hewani pale maji yanapokuwa na nyuzi 40.

Lakini mwanzoni, maji yakiwa na 16, hakuna kilichopotea. Kwa hiyo safari nzima nachukua nusu, wati 37. Nguvu inayobaki kwa maji na sufuria ni 800 kutoa 37, yaani 763. Gawa juli 534,240 kwa 763: sekunde 700, dakika 11 na sekunde 40. Saa yangu ilisema 11 na 50. Sekunde kumi katika dakika kumi na mbili sikuzifuatilia tena. Kipimajoto chenyewe hakiwezi kusoma kwa makini zaidi ya hapo.

Kuchukua nusu ni kukadiria, na kunafaa kwa maji ya kuoga. Ukipandisha mpaka nyuzi 80 au 90 sufuria ikiwa wazi, mvuke huongezeka kwa kasi kuliko joto linavyopanda, na nusu hiyo haishiki tena. Hapo weka mfuniko. Namna ya kutambua kwamba hewa inakula sana ni kusoma joto katikati ya safari: kama nyuzi kumi za mwanzo zilichukua dakika tano na kumi za mwisho zimechukua sita na nusu, huku hita na volti ni zilezile, tofauti hiyo ni ya hewa. Sufuria haiwezi kufanya hivyo. Yenyewe hudai kiasi kilekile kwa kila nyuzi, mwanzo na mwisho.

Kama hujui sufuria imetengenezwa kwa nini

Kuna sufuria zenye tabaka mbili, chuma nje na alumini katikati, na kuna birika lenye plastiki, chuma na kioo kwa pamoja. Hapo kupima kwa mizani hakukusaidii. Kiulize chombo chenyewe.

Kiache kitupu mpaka kiwe na joto la chumba. Chemsha maji pembeni, pima kilo moja, subiri yashuke hadi nyuzi 80, kisha yamimine ndani kwa haraka. Funika, zungusha sufuria ili maji yapande kwenye kuta, na baada ya nusu dakika hivi soma joto. Nilipofanya hivyo kwa sufuria yangu, chumba kikiwa na nyuzi 20, maji yalitulia kwenye 66. Yameshuka nyuzi 14, na sufuria imepanda kutoka 20 hadi 66, nyuzi 46. Gawa 14 kwa 46: 0.304. Kilo moja ya maji ilimpa sufuria joto sawa na ambalo 0.3 ya maji ingelichukua. Ni namba ileile ya mizani, na nakiri nilifurahi kuiona ikirudi kwa mlango mwingine.

Ukiona namba imekuja kubwa mno, sababu ya kawaida ni kumimina polepole. Maji ya nyuzi 80 yakianguka kama uzi mwembamba hupoteza nyuzi moja au mbili njiani, na wewe unamsingizia sufuria. Usitumie maji mengi kwa jaribio hili pia. Kwa lita tano joto lingeshuka nyuzi tatu na kidogo tu, na kosa la nusu nyuzi kwenye kipimajoto lingeharibu jibu lote.

Chungu cha udongo kina tabia nyingine. Kwa uzito, udongo unakaribia alumini, na chungu cha kilo tatu kingehesabiwa kama zaidi ya nusu lita ya maji. Ila udongo unapitisha joto taratibu. Hita ikiwa ndani ya maji, ukuta wa ndani wa chungu unapata moto huku wa nje ukiwa bado baridi, na baada ya kuzima hita maji yanaendelea kushuka wakati chungu kinamalizia kula. Kwa chombo kama hicho hesabu hii inakupa muda wa juu wa kufikia joto, na joto hilo halitadumu.

Wakati sufuria inapokuwa jambo kubwa

Rudi sasa kwenye zile sekunde 30 zilizoonekana ndogo. Muda wa sufuria haujali umeweka maji kiasi gani. Unategemea sufuria, nyuzi za kupanda na nguvu ya hita tu. Kwa hiyo maji yakipungua, fungu la sufuria linabaki lilelile na linaanza kuonekana.

Chukua maji ya chai ya lita mbili, kutoka 16 hadi 90, kwa hita ileile ya wati 800 halisi. Maji peke yake yanataka sekunde 777. Sufuria yangu nene inaongeza 0.3 × 4,200 × 74 ÷ 800, sekunde 117, karibu dakika mbili. Nikitumia sufuria nyepesi ya alumini yenye nusu kilo, inahesabiwa kama 0.107 ya maji na inaongeza sekunde 42 tu. Nimepunguza dakika moja na robo kwa kubadilisha sufuria, bila kugusa hita wala maji. Hakikisha tu kwamba koili inafunikwa. Sufuria pana yenye lita mbili mara nyingi ina kina kifupi, na sufuria ndogo iliyosimama inakusaidia kwa hilo pia.

Usiendeshe hesabu hii mpaka 100 kama unaishi juu. Mji wa Iringa uko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na maji hapa huchemka karibu na nyuzi 95. Dar es Salaam huchemka karibu na 100. Yakishaanza kuchemka hayapandi tena, kila juli inayoingia inakwenda kutengeneza mvuke, na ukiendelea kusubiri nyuzi 100 utasubiri mpaka maji yaishe.

Mke wangu sasa huwasha saa kumi na mbili na dakika tatu.